Naam, Ni Mimi Niliyeandika "Weka Namba Inayokuja Kwenye Simu"

Kwa kuwa mwenzangu ameshairusha ile picha ya maelezo yangu ya makabidhiano kwenye grupu, tena amezungushia duara jekundu, acha nisimulie mwenyewe kabla haijaongezewa chumvi.

Kuna kijiskripti nilichokiandika. Kila siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi `cron` inakiamsha, kinaingia kwenye tovuti ya msambazaji wetu (ruhusa tunayo, msianze), kinakwangua jedwali la bei lenye bidhaa kama 1,800, kisha kinatuma ripoti kwa watu 40 akiwemo bosi. Nilipokuwa naenda likizo niliandika maelezo ya kumkabidhi yule dada tunayekaa naye meza moja. Niliyaandika siku ya mwisho, begi liko mgongoni. Yote haya hapa:

```
0 6 * * 1-5 /opt/bei/endesha.sh
1. Fungua ukurasa wa kuingia
2. Weka jina na nywila
3. Weka namba inayokuja kwenye simu
Ikigoma: endesha tena.
```

Nikajipongeza kwa ufupi. Nikazima simu, nikaondoka.

Hatua ya 3 kwa kawaida haipo. Tovuti ile ukishaweka namba ya tarakimu 6 mara moja, inakupa kuki ya kukitambua kifaa chako, na kwa siku 30 haikuulizi tena. Mimi nilikuwa naihuisha kila mwezi kwa mazoea tu, kama mtu anavyokata kucha. Kuki ikafa siku ya pili ya likizo yangu.

Mnadhani skripti ililalamika? Haikulalamika. Tovuti ilirudisha ukurasa wa kuomba namba ukiwa na jibu `200`, yaani mambo safi. Skripti ikaona jedwali, ikalikwangua kwa moyo mmoja. Watu 40 wakafungua ripoti yenye bidhaa moja. Jina la bidhaa: "Weka namba tuliyokutumia". Bei: "Hujaipata? Tuma tena".

Dada wa watu akafungua maelezo yangu. Ikigoma, endesha tena. Akaendesha tena. Kila akiendesha, tovuti inatuma namba mpya, na namba inakwenda kwenye simu. Simu ya nani? Ya kwangu. Iliyozimwa. Ilipofika mara ya tano tovuti ikahisi kuna mwizi, ikafunga akaunti.

Siku niliyorudi kulikuwa na kikao. Sasa hapa twende polepole, maana ndipo naumia.

Bosi akawasha projekta. Maelezo yangu yakajaa ukutani, kila herufi kubwa kama sahani. Akasoma hatua ya kwanza kwa sauti. Akasoma ya pili. Kwenye ya tatu akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Inayokuja kwenye simu," akasema. Kimya. "Simu ipi?" Nikafungua mdomo. Na mimi, kwa kuwa asubuhi ile ndiyo nilikuwa nimeiwasha, simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Tiiing. Namba yako ya uthibitisho ni. Tiiing. Namba yako ya uthibitisho ni. Zilikuja zote tano, moja moja, bila haraka, na baada ya kila moja watu wote wananiangalia. Ya tano ilipoisha nikashusha pumzi. Ikaja ya sita: akaunti yako imefungwa.

(Anayecheka hapa namjua, na yake ya kufuta foleni nzima ya seva naitunza.)

Basi. Tukawapigia msambazaji, wakafungua akaunti baada ya siku mbili. Namba ya uthibitisho sasa inakwenda kwenye simu ya ofisi. "Endesha tena" nimeifuta, badala yake nimeandika: ikigoma, usiendeshe tena mpaka uone ukurasa uliorudi kwa macho yako. Tarehe ya kufa kwa kuki ipo kwenye kalenda ya wote. Na skripti inajikagua kabla ya kutuma chochote, kwa sababu kitufe cha "Toka" huonekana kwa aliyeingia tu:

```python
if "Toka" not in r.text or len(safu) < 1000:
    raise SystemExit("Hatujaingia. Ripoti haitumwi.")
```

Hiyo 1000 ni kwa ajili ya siku wakibadilisha mpangilio wa jedwali: umeingia vizuri, lakini unakwangua hewa.

Maelezo mapya yana kurasa tatu. Yule dada ameyasoma, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Simu iko droo ya pili."

Leo asubuhi kuki imefikisha siku 30. Nimefungua droo ya pili. Simu ipo. Imezima chaji, na chaja hatukuiandika popote.