Programu si mradi uliovimba

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara hufundishwa kwamba mradi una mwanzo na mwisho, programu ni miradi kadhaa inayohusiana, na shughuli za kila siku ni kazi zinazojirudia. Hakuna uongo hapo. Lakini mtu anaweza kukariri yote hayo, akapata alama zake, kisha akaingia kazini na asielewe inakuwaje kampuni imalize mradi wake kwa wakati, ndani ya bajeti, na bado isione nafuu yoyote.

Kwa maoni yangu, tofauti inaonekana vizuri zaidi ukiangalia kila mhusika anadaiwa nini. Meneja wa mradi anadaiwa kitu alichoagizwa kukikabidhi. Meneja wa programu anadaiwa mabadiliko ya hali. Mkuu wa uendeshaji anadaiwa kazi iliyofanyika leo kwa kiwango kilekile cha jana, na kesho tena.

Tuchukue mfano wa kubuni, kampuni inayosambaza maji. Kila siku inaingiza kwenye mabomba mita za ujazo 10,000, lakini zinazolipiwa ni 6,000 tu. Asilimia 40 inapotea. Sehemu ya maji hayo inavuja ardhini. Sehemu nyingine inawafikia watu lakini hailipiwi, kwa sababu mita zimechoka na zinasoma pungufu, au kuna waliojiunganishia kinyemela, au kumbukumbu za wateja zina makosa. Bodi inaamua kwamba ndani ya miaka minne upotevu ushuke hadi asilimia 25.

Uamuzi huo wa bodi si mradi. Huwezi kumpa mkandarasi mkataba unaosema "shusha upotevu", kwa sababu hakuna kitu kimoja cha kujenga au kufunga kitakacholeta matokeo hayo. Hiyo ni programu. Ndani yake itazaliwa miradi: mmoja wa kubadilisha mita 12,000 za wateja, mwingine wa kugawa mtandao wa mabomba katika kanda na kufunga mita kubwa kwenye lango la kila kanda, wa tatu wa kung'oa mabomba chakavu. Wakati huohuo wasomaji mita wanaendelea kuzunguka, ankara zinatoka kila mwezi, na mafundi wanaziba mabomba yaliyopasuka. Huo ndio uendeshaji. Ulikuwapo kabla ya programu na utabaki baada yake.

Sasa mradi wa mita unamalizika mwezi wa kumi, kama ilivyopangwa. Mita zote 12,000 zimefungwa, zimekaguliwa, na fedha haikuzidi. Miezi miwili baadaye mapato yamepanda kidogo sana. Mhasibu anapekua na kukuta mita 1,500 ambazo namba zake hazijaunganishwa na akaunti za wateja kwenye mfumo wa ankara. Nyumba hizo bado zinatozwa kwa makadirio ya zamani, ingawa ukutani kuna mita mpya inayosoma sawasawa. Tena orodha za wasomaji mita hazikubadilishwa, kwa hiyo wanafika kwenye nyumba wakitafuta namba ya mita iliyokwisha kutolewa.

Je, mradi umeshindwa? Ukisoma mkataba wake, hapana. Uliagiza mita zifungwe, na zimefungwa. Uendeshaji nao unaweza kusema haukuletewa orodha mpya. Kila upande una hoja, na maji bado hayalipiwi. Hapa ndipo kazi ya programu inapoonekana: kulitakiwa kuwe na mtu ambaye jambo lake la kwanza si mita wala ankara, bali ile asilimia 40. Mtu huyo angeweka sharti tangu mwanzo kwamba mita haihesabiwi kuwa imekabidhiwa mpaka ankara yake ya kwanza itoke kwa usomaji halisi.

Kazi yake nyingine ni mpangilio, na hii wanafunzi wengi huipita haraka mno. Ukibadilisha mabomba chakavu ya eneo moja, uvujaji wa hapo unapungua na shinikizo la maji linapanda. Shinikizo hilo likisukuma mabomba mengine ya zamani yaliyo mbele, yanaanza kupasuka. Mradi wa mabomba umefanikiwa palepale ulipofanyika, na umehamishia tatizo kwa jirani. Anayeutazama mtandao mzima atataka kanda zigawanywe kwanza na vali za kupunguza shinikizo ziwekwe, ndipo uchimbaji uanze, hata kama mkandarasi wa mabomba yuko tayari leo. Meneja wa mradi wa mabomba hana mamlaka ya kuamua hivyo, na si haki kumlaumu. Ndiyo maana nakataa ile tafsiri ya kwamba programu ni mradi mkubwa. Mradi unaweza kula fedha nyingi kuliko programu nzima ya kampuni nyingine na ukabaki kuwa mradi.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo ni kudhani kila tatizo linahitaji mradi. Bomba lililopasuka likimwaga mita za ujazo tano kwa saa, likiachwa siku 12 litakuwa limepoteza 1,440. Likizibwa ndani ya siku mbili, ni 240. Kilichobadilika ni namna taarifa inavyomfikia fundi na kama vipuri vipo stoo. Hakuna zabuni hapo, hakuna sherehe ya uzinduzi. Ni uendeshaji uliosimamiwa vizuri, unaolipwa kutoka bajeti ya matumizi ya kawaida. Kampuni zenye mazoea ya miradi huwa zinaudharau sana uamuzi wa aina hii, nami nadhani hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Halafu kuna mradi uliogeuka uendeshaji bila mtu kusema. Utautambua kwa dalili zake: tarehe ya mwisho imesogezwa mara kwa mara, watu wa mikataba ya muda wanafanya kazi ileile kila mwezi, na hakuna anayeweza kutaja kitu kitakachokabidhiwa. Kwenye kampuni yetu ya maji ingekuwa ni timu ya mradi inayosoma mita kubwa za kanda usiku, kati ya saa nane na saa kumi, wakati watu wengi wamelala na maji yanayopita kwa wingi huashiria uvujaji. Kazi hiyo ni muhimu mno, lakini haina mwisho. Ikibaki mikononi mwa timu ya mradi, siku timu hiyo ikivunjwa usomaji unakoma, na mita za kanda zinabaki kuwa vyuma vya gharama vilivyofukiwa ardhini. Ilipaswa kuingizwa mapema kwenye ratiba ya zamu ya mafundi, ikiwa na bajeti na mtu anayewajibika.

Kwa hiyo ukiulizwa programu hii inaisha lini, usijibu kwamba ni pale mradi wa mwisho unapokabidhiwa. Siku hiyo upotevu unaweza kuwa bado asilimia 33. Wala usijibu kwamba ni siku takwimu inapogusa 25, maana inaweza kupanda tena robo mwaka inayofuata. Mimi ningeifunga baada ya upotevu kubaki chini ya asilimia 25 kwa mwaka mzima, huku wasomaji mita na mafundi wa kawaida wakifanya kazi yote wenyewe, bila mtu hata mmoja wa mradi kubaki.