Asilimia sita ya Benki Kuu na hela ya korosho

Mwanafunzi wa uchumi mpana akiulizwa Benki Kuu inaongezaje fedha mtaani, mara nyingi hutaja akiba ya lazima kwanza. Mimi naona huku Mtwara nguvu yake inakuzwa mno.

Chukua mkulima wa Newala aliyeingiziwa shilingi 1,000,000 baada ya mnada wa korosho. Sehemu ya amana hiyo benki yake huiweka Benki Kuu ya Tanzania, na hiyo ndiyo akiba ya lazima. Juni 2020 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6, kwa hiyo zinazuiwa 60,000 badala ya 70,000, na 940,000 zinaweza kukopeshwa. Kitabu kinaendelea: aliyekopa atanunua, muuzaji ataweka benki, benki itakopesha tena, hadi amana zifike mara 16.7 ya fedha ya mwanzo, yaani 1 ÷ 0.06. Kwa asilimia 7 zilikuwa mara 14.3. Inaonekana ongezeko kubwa.

Lakini mkulima huyo haziachi benki. Anatoa taslimu anunue bati, alipe vibarua na deni la dukani. Tuseme kwa kila shilingi 100 za amana, watu wanashika 50 mkononi. Kizidishi cha fedha, yaani mara ambazo fedha ya mwanzo inakuzwa, kinakuwa (1 + 0.5) ÷ (0.5 + 0.06), sawa na 2.68. Rudisha 0.07 upate 2.63. Ongezeko lile karibu lote limeyeyuka, kwa sababu kinachobana ni taslimu iliyotoka benki kuliko akiba iliyozuiwa.

Riba nayo ina njia yake. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza Riba ya Benki Kuu. Ilianza asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6. Hiyo siyo riba anayotozwa mfanyabiashara wa Lindi. Ni dira ya riba ya mikopo ya siku saba baina ya mabenki, ambayo Benki Kuu hutaka isipite pointi mbili za asilimia juu wala chini ya dira hiyo. Watu wakitoa taslimu kwa wingi, mabenki hupungukiwa fedha, na riba hiyo ya siku saba husogea kuelekea ukomo wa juu. Ukiiona huko, ujue ukwasi umebana, na Benki Kuu itayakopesha mabenki kwa muda ikishika dhamana za serikali.

Wakati huohuo mkopo wa kawaida ulikuwa kwenye asilimia 15 hivi. Mabadiliko ya Riba ya Benki Kuu huchelewa sana kumfikia mkopaji.

Ndiyo maana naipenda zaidi hatua ya Julai 2021: benki inayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 ikapewa nafuu ya akiba ya lazima. Hapo akiba imefungwa na sharti la nani akopeshwe na kwa bei gani. Udhaifu wake ni kwamba benki bado ndiyo inayochagua mkopaji, na chama cha ushirika chenye korosho ghalani kina dhamana ambayo mkulima wa ekari mbili asiye na hati ya shamba hana.