Siku Saa ya Wajerumani Ilipowafuta Akina Mwa-

Mimi ni mtoto wa Tunduma, na mtoto wa Tunduma humfundishi mambo ya saa. Sisi tumekua tukivuka kwenda Nakonde kununua vitu na kule Zambia saa iko nyuma kwa saa moja, ukitoka huku saa nne unafika kule saa tatu, simu ikikamata mtandao wa upande wa pili inajibadilisha yenyewe na unakuta umechelewa kanisani kwa sababu ya mnara. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuunganisha seva ya Mbeya na seva ya Ujerumani nilicheka tu. Tofauti ya saa kichwani kwangu ilikuwa kama kilomita, Mbeya mpaka Tunduma ni ile ile mwaka mzima, haiongezeki masika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chama cha wakulima wa parachichi Rungwe kina orodha ya wanachama na kilo walizopeleka, na mnunuzi wa Ujerumani anaitaka orodha hiyo kila siku kwenye seva yake iliyoko Frankfurt ili ajue tunda limetoka shamba la nani. Faili lilikuwa kama megabaiti 50, limepangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, na kwa ile modemu ya ofisini ambayo kupandisha kitu haifiki hata nusu megabiti kwa sekunde, linachukua kama dakika 25 kufika. Nikaliweka lianze kuondoka saa tisa na robo usiku, watu wamelala na intaneti ni yangu peke yangu. Jamaa wa Frankfurt akaweka skripti yake ilipakie saa nane na nusu usiku ya kwao.

```
# Mbeya
15 3 * * *  /opt/skripti/tuma.sh
# Frankfurt
30 2 * * *  /opt/skripti/pakia.sh
```

Hiyo ilikuwa Januari 2024. Nikapiga hesabu: Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo saa nane na nusu yao ni saa kumi na nusu alfajiri yetu, faili langu limeshafika saa tisa na dakika arobaini, limepumzika karibu saa nzima. Safi kabisa. Januari, Februari, Machi hakuna aliyenipigia, nikaanza hata kujiita injinia.

Jumanne tarehe 2 Aprili, baada ya sikukuu ya Pasaka, saa moja asubuhi simu inaita, mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. We kijana, sisi Wanyakyusa tumekukosea nini?"

Nikakaa kitandani. Mzee anaendelea, kwamba karani ametoa orodha kwenye mtandao wa mnunuzi akaibandika ubaoni pale kituo cha kukusanyia kama kila siku, na akina Mwakalinga hawapo, akina Mwansasu hawapo, akina Mwambene hawapo, yeye mwenyewe mwenyekiti hayupo. Sasa kama hujawahi kuishi huku kwetu nikwambie, ukitoa majina yanayoanza na Mwa- Rungwe umebaki na migomba. "Na katibu yupo!" mzee anasema, sauti imepanda. Katibu wetu ni Mkinga, jina lake linaanza na C. "Wakinga wapo! Nani kakutuma?"

Nikamwambia mzee Wakinga nao akina Sanga hawapo, nimeangalia sasa hivi kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Basi wamewatoa wachache kupoteza ushahidi."

Nikawasha pikipiki mpaka ofisini. Nafungua faili la Mbeya, wote wapo, A mpaka Z, hata akina Zambi. Naangalia orodha ya Frankfurt, watu wanatiririka vizuri, Mahenge, Mbilinyi, Msigwa, halafu Mwa- wachache wa mwanzo, na mtu wa mwisho kabisa anaitwa Mwak. Hivyo tu. Bwana Mwak, hana kijiji, hana simu, kilo hana. Nikasoma mara tatu nikijua kabisa hatuna mwanachama anaitwa Mwak, na hapo ndipo kengele ilipaswa kulia kichwani kwamba faili limekatwa katikati ya mstari. Haikulia. Nilidhani karani kakosea kuandika.

Nikafungua logi. Logi ya Mbeya: kuanza 03:15:02, kumaliza 03:40, kama kila siku. Nikamwomba Mjerumani logi yake, akatuma: kuanza 02:30:01, kama kila siku. Seva mbili, zote zinaapa hazijabadilisha kitu, na kweli hazijabadilisha. Ni kama kuhoji mashahidi wawili wanaosema ukweli na bado mbuzi hayupo.

Jumatano ikawa mbaya zaidi. Usiku mvua ilinyesha Tukuyu ile ya Aprili, wenyewe mnaijua, na mvua ikinyesha mtandao wetu unatembea kwa magoti. Asubuhi orodha imeishia kwenye K. Hata Mahenge hayupo. Alhamisi kukawa kukavu, wakarudi mpaka Mwa-. Pale kituoni watu wakaanza kusema mvua inapunguza wakulima, na mama mmoja wa Kiwira akaniuliza kwa upole kabisa kama akibadili jina lianze na A itasaidia. Cha ajabu kwa tatizo lililokuwepo ingesaidia.

Ile habari ya mvua ndiyo iliyonifumbua macho. Kama mtandao ukiwa taratibu majina yanapungua, basi Frankfurt inasoma faili wakati mimi bado nalipandisha! Lakini itakuwaje na mimi namaliza karibu saa nzima kabla yake? Nikampigia Mjerumani, nikamwambia tuandike wote wawili amri moja kwa wakati mmoja, `date`. Kwangu ikaja saa nne na dakika tano asubuhi. Kwake 09:05. Nikamwambia saa yako imeharibika, inapaswa kuwa 08:05. Akacheka, akasema hapana, Jumapili tumeingia saa ya kiangazi.

Saa ya nini?

Akanitumia hii:

```
$ zdump -v Europe/Berlin | grep 2024
... Sun Mar 31 00:59:59 2024 UT = Sun Mar 31 01:59:59 2024 CET isdst=0 gmtoff=3600
... Sun Mar 31 01:00:00 2024 UT = Sun Mar 31 03:00:00 2024 CEST isdst=1 gmtoff=7200
```

Soma taratibu upande wa kulia. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi tuko kwenye mkesha wa Pasaka, wenzetu saa yao ilifika 01:59:59 halafu sekunde inayofuata ikawa 03:00:00. Saa nane usiku hawakuwa nayo kabisa. Na kuanzia hapo wako nyuma yetu saa moja tu, kama Zambia, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Bunge lao la Ulaya lilipiga kura 2019 kwamba mchezo huu ufe ifikapo 2021, nchi hazijakubaliana, mchezo unaendelea. Kwa hiyo ile 02:30 yao sasa ni saa tisa na nusu yetu, yaani dakika kumi na tano tu baada ya mimi kuanza kutuma. Dakika 15 kati ya 25, umefika Mwa-. Mvua ikinyesha, umefika K.

Nikajiona mjanja nikamuuliza, sasa kama 02:30 haikuwepo Jumapili, skripti yako ilikimbia saa ngapi? Kumbe cron ya Ubuntu, ile programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ina akili kidogo, saa ikiruka mbele chini ya saa tatu, kazi zilizopangiwa muda maalumu ndani ya pengo inaziendesha palepale. Ikakimbia mara tu ilipofika 03:00 yao, saa kumi yetu, faili limeshakamilika. Ndiyo maana Jumapili yenyewe ilikuwa shwari, tatizo likaanza Jumatatu ambayo ni sikukuu kwao na kwetu, tukaliona Jumanne na wala hakuna aliyefikiria Jumapili.

Basi nikampigia kijana wangu wa ofisini, mimi niko njiani natoka Uyole na pikipiki imeishiwa mafuta, nikamwambia rudisha nyuma kazi yetu saa moja, weka saa nane na robo usiku. Akasema sawa bro.

Kesho yake wote wapo! A mpaka Z! Mwenyekiti kapiga mwenyewe, "ndaga fijo mwanangu, ndaga fijo." Nikapokea sifa, nikanunuliwa soda. Ila kila asubuhi watu wa ofisini wakawa wanalia intaneti haifunguki, na siku ya tatu karani akasema kilo za jana hazionekani, zinaonekana za juzi. Nikafungua ratiba:

```
15 8 * * *  /opt/skripti/tuma.sh
```

Saa nane. Kijana kaandika nane. Kompyuta ikaelewa 08:15, yaani saa mbili na robo asubuhi, watu ndio wanafungua ofisi. Frankfurt usiku ilikuwa inakuta faili zima kwa sababu ni la jana asubuhi. Kosa la pili lilikuwa limeficha kosa la kwanza, na mimi soda nimeshakunywa.

Nikaweka 2, ikawa sawa, lakini nilijua hiyo ni panadol, siku mvua ikikaza faili likachukua saa nzima na nusu tunarudi palepale. Ugonjwa wenyewe ni kwamba skripti yangu ilikuwa inafuta faili la jana kwanza, halafu `scp`, ile amri ya kupeleka faili, inaandika jipya kwa jina lile lile tangu sekunde ya kwanza, anayelifungua katikati anakuta nusu. Nikaandika hivi:

```
scp orodha.csv seva:orodha.csv.tmp &&
ssh seva mv orodha.csv.tmp orodha.csv
```

Linapanda kwa jina la muda, likishatimia ndipo linabadilishwa jina, na kubadilisha jina ndani ya diski moja ni kitendo cha mara moja, hakuna nusu. Wakiwahi wanapata la jana zima. Mjerumani naye nilimwambia asijaribu kuifungia cron kwenye UTC, saa ya dunia isiyoruka, kwa kuweka `CRON_TZ` kwenye Ubuntu maana cron ile haiisikilizi na wala haikwambii, akahamia kwenye taima ya systemd, `OnCalendar=*-*-* 02:00:00 UTC`, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri iwe kiangazi chao au baridi yao.

Oktoba 27 ikapita, walirudisha saa yao, mimi nimelala.

Novemba ikaja barua pepe kutoka kwa mnunuzi. Kwenye mfumo wao jina jipya likionekana hata mara moja linafunguliwa jalada, na jalada halifutwi. Wanauliza Bwana Mwak amejiunga tangu Aprili na hajaleta hata kilo moja, je, shamba lake lina shida gani, wangependa kumtumia bwana shamba. Nikampelekea mwenyekiti.

Akasoma, akavua miwani. "Huyu Mwak," akasema, "ni mtu wa wapi?"

"Wa katikati ya mstari, mzee."

"Sikijui hicho kijiji. Kiko upande wa Busokelo?"