Sigara huzeesha ngozi kutokea ndani

Nimekuwa nikihudumia nyuso za watu saluni kwa miaka kadhaa, na kuna ombi moja ambalo sasa nalitambua kabla mteja hajalimaliza. Anaketi, anajitazama kiooni, anajishika mashavu na kusema, "Uso wangu umepoteza nuru, nipe krimu." Mmoja wao alikuwa mama wa miaka 39. Uso wake ulikuwa umesawijika kama wa mtu aliyekesha wiki nzima, ilhali alisema analala vizuri. Juu ya mdomo alikuwa na mistari midogo iliyosimama, nayo ilionekana hata akiwa ametulia, hajacheka wala hajasema neno. Nilipomuuliza kama anavuta sigara alishtuka kidogo, akajibu kwamba anavuta, lakini dirishani, na moshi haumfikii usoni.

Jibu lile lilinikaa moyoni kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila mara. Watu wengi wanaamini sigara huharibu uso kwa kuufukiza, kama moshi wa jiko unavyofukiza dari. Moshi unaogusa uso una madhara yake, ndiyo: unakausha ngozi, na unamfanya mvutaji akunje macho mara kwa mara. Lakini kazi kubwa ya uharibifu inafanyika ndani, kupitia damu, na mtu anaweza kuvutia dirishani maisha yake yote asiokoe chochote.

Ushahidi ulionishawishi mimi haukutoka usoni hata kidogo. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza ngozi ya makalio ya wavutaji na ya wasiovuta. Makalio hayaoni jua wala hayafikiwi na moshi. Hata hivyo, katika ngozi ya wavutaji kimeng'enya kinachokatakata kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoifanya ngozi iwe imara na iliyojaa, kilikuwa kimechochewa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko kwa wasiovuta. Mwaka uliofuata watafiti wa Finlandi walipima majimaji ya malengelenge madogo waliyoyatoa kwenye ngozi za watu, wakakuta kwamba wavutaji wanatengeneza kolajeni mpya kwa upungufu wa asilimia 18 kwa aina ya kwanza na asilimia 22 kwa aina ya tatu. Aina hizo mbili ndizo nguzo za ngozi.

Yaweke matokeo hayo mawili pamoja. Mwili huzibomoa nyuzi za kolajeni na kuzijenga upya kila siku. Kwa mvutaji, mbomoaji ameongezwa nguvu na mjenzi amepunguzwa. Haihitaji tukio lolote kubwa. Hesabu inakosa uwiano kidogo tu kila siku, na baada ya miaka kumi au ishirini ngozi imekuwa nyembamba na mkunjo unaotokea mtu akicheka hauna tena kinachousukuma urudi.

Sasa nirudi kwenye ile rangi iliyofifia, kwa sababu chanzo chake ni kingine, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa anayetaka kuacha. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mishipa inayolisha ngozi ni midogo kweli kweli. Wakati huohuo moshi unaingiza kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo damu inayofika kwenye ngozi ni chache, na hiyo chache imebeba oksijeni pungufu. Watafiti waliopima oksijeni chini ya ngozi mwaka 1991 walikuta kwamba inashuka haraka mtu akivuta, na inabaki chini kwa dakika 30 hadi 50 baada ya hapo.

Mteja wangu alikuwa anavuta sigara 15 kwa siku. Nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Ikiwa kila sigara inaiacha ngozi na upungufu kwa nusu saa, sigara 15 ni saa saba na nusu. Ikiwa ni dakika 50, ni saa kumi na mbili na nusu. Tuseme baadhi zinapandana kwa sababu anavuta mbili mfululizo baada ya chakula, bado sehemu kubwa ya mchana wake ngozi inahema kwa shida. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kioo.

Mwaka 1985 daktari mmoja Mwingereza, Douglas Model, aliandika kuhusu alichokiita uso wa mvutaji. Alieleza mistari inayotawanyika kutoka kwenye midomo na pembe za macho, mashavu yaliyonywea, na rangi yenye ukijivu. Kati ya wagonjwa aliowachunguza, karibu nusu ya wavutaji walikuwa na uso huo, asilimia 46, na miongoni mwa wasiowahi kuvuta hakumpata hata mmoja. Mimi nasoma takwimu hiyo kwa pande zote mbili. Karibu nusu ni wengi mno, lakini pia zaidi ya nusu hawakuwa nao. Kwa hiyo yule anayeniambia kwamba mjomba wake alivuta hadi uzeeni na ngozi yake ilikuwa laini, simwiti mwongo. Ngozi hutofautiana. Ngozi nyeusi, kwa mfano, hukawia kukunjamana, na kwa watu wenye ngozi hiyo nimezoea kuona dalili nyingine kwanza: uso unapauka, midomo na fizi zinazidi weusi, chini ya macho panatia giza. Kukosa makunyanzi kwa mvutaji wa aina hiyo kunampa imani ya uongo, na hilo hunisikitisha.

Mistari ya juu ya mdomo inahitaji maelezo yake peke yake, maana hapo mambo mawili yanakutana. Kila unapovuta unabana midomo. Mama yule alikuwa amevuta kwa miaka 18. Sigara 15 kwa siku kwa miaka 18 ni sigara 98,550. Ukichukulia mivuto kumi kwa kila sigara, amekunja midomo kwa namna ileile karibu mara milioni moja. Mtu anayepiga filimbi au tarumbeta hukaza midomo pia, lakini kolajeni yake haikatwikatwi huku akipiga. Mvutaji anaikunja ngozi ambayo uwezo wake wa kujinyoosha unapungua, kama karatasi inayokunjwa kila siku pale pale.

Nitajuaje kama ni sigara na si jua? Swali hili huulizwa sana, na ni la haki, maana jua ndilo adui mkubwa wa ngozi ya uso. Kitu cha kwanza ninachofanya ni kumwomba mteja ageuze mkono, nitazame ndani ya sehemu ya juu, karibu na kwapa. Jua halifiki pale. Nikikuta ngozi yenye vikunjo vingi vidogo kuliko ninavyotarajia kwa umri wake, naanza kushuku jambo linalotoka ndani. Kisha natazama mahali mistari ilipo. Jua huacha madoa na ukavu paji la usoni, mashavuni juu na mgongoni mwa mikono. Sigara hupenda zaidi kuzunguka mdomo, na huifanya ngozi ilegee chini ya macho. Hiki si kipimo cha hospitali na sikitumii kumhukumu mtu. Kukonda ghafla, upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi pia hufifisha uso, kwa hiyo aliyebadilika rangi ndani ya wiki chache namwambia aende kwa daktari kabla hajanunua chochote kwangu. Na kwa anayevuta huku akishinda juani bila kinga, madhara hayo mawili huongezana nguvu.

Hapa ndipo maoni yangu yanapowaudhi baadhi ya wenzangu wa kazi. Naona ni makosa kumuuzia mvutaji krimu ya kurudisha nuru bila kumweleza habari hii. Krimu iliyoandikwa kwamba ina kolajeni haiwezi kuipeleka kolajeni hiyo inapohitajika; molekuli yake ni kubwa mno kupenya, inakaa juu na kulainisha tu. Dawa za kupaka za jamii ya vitamini A, zile anazoandika daktari, huchochea kolajeni kweli, ingawa huchukua miezi na hazimfai mjamzito. Lakini kumpa mtu dawa ya kujenga huku akiendelea kuwasha sigara ni kuteka maji kwa pakacha. Ndiyo maana pia madaktari wa upasuaji humtaka mvutaji aache walau wiki nne kabla ya kumgusa uso kwa kisu: ngozi isiyopata damu ya kutosha huchelewa kupona, na mara nyingine kingo za kidonda hufa.

Nilimwambia mama yule, "Dada, leo sikuuzii krimu. Rangi yako itarudi ukiacha. Hii mistari sikuahidi." Nilimweleza kwa nini. Kaboni monoksaidi hutoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, nikotini nayo huisha, mishipa hulegea. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa takribani mwezi mmoja, polepole zaidi kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa kinachoonekana kiooni ni ngozi iliyokua ikiwa na damu ya kutosha. Weusi wa midomo na fizi hukawia, kuanzia miezi mitatu hadi miaka. Ila nyuzi zilizokwisha kukatwa hazijiungi zenyewe. Kuacha kunasimamisha ubomoaji. Mkunjo uliokwisha kuzama unabaki. Aliyeacha akiwa na miaka 25 na aliyeacha akiwa na miaka 50 wote watapata rangi, lakini hawatapata uso uleule.

Alirudi baada ya miezi mitano. Alikuwa ameteleza mara mbili katikati na kuanza upya. Mashavu yalikuwa na wekundu kidogo chini ya uhudhurungi wake, ule wa mtu aliyetoka kutembea, na kijivu kilikuwa kimeondoka. Mistari ya juu ya mdomo ilikuwa palepale. Aliketi, akaigusa mmoja mmoja kwa kidole, akaniuliza sasa tunaanzia wapi. Nilimwandikia jina la krimu ya kukinga jua, nikamwelekeza kwa daktari wa ngozi kwa ile dawa ya vitamini A.