Wan na yi kwenye ripoti za fedha: kubadilisha tarakimu au kuziacha?

"Natafsiri ripoti ya mwaka ya kampuni ya Kichina. Juu ya karibu kila jedwali pameandikwa 单位:万元, yaani kipimo ni yuani elfu kumi. Mhariri anataka kila kitu kiwe milioni, mteja anataka tarakimu zibaki zilivyo. Nimsikilize nani?"

Ndani ya jedwali msikilize mteja, kwenye maelezo msikilize mhariri. Hilo ndilo jibu langu, lakini sikulifikia kwa urahisi, kwa sababu kila mmoja wao anaogopa kosa ambalo kweli hutokea.

Kichina hupata jina jipya la namba kila baada ya sifuri nne. Elfu kumi ni wan, 万. Wan ikizidishwa kwa wan inakuwa yi, 亿, yaani milioni mia moja. Yi ikizidishwa tena kwa wan ni 万亿, ambayo kwetu ni trilioni. Msemaji wa Kiswahili ana daraja moja ambalo wengine wengi hawana: laki. 10万 ni laki moja na 50万 ni laki tano, kwa hiyo kwa kiasi kidogo unagawa wan kwa kumi na umeshafika.

Shida inaanzia kwenye maandishi ya kihasibu. Mhasibu wa Kichina anataja namba kwa makundi ya sifuri nne, lakini akiziandika anaweka mkato kila baada ya tarakimu tatu, sawasawa na mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam. Ukikuta mapato ya 123,456.78 chini ya kichwa cha 万元, jicho linasoma laki moja na ishirini na tatu elfu na ushee. Kumbe kila moja hapo ni yuani elfu kumi, na kiasi chenyewe ni yuani 1,234,567,800, yaani bilioni 1.23. Mikato haisemi lolote kuhusu kipimo. Kinachosema ni herufi mbili zilizojibana kwenye kona ya juu kulia ya jedwali, na kona hiyo huachwa nyuma mtu anaponakili jedwali kwenda faili lingine.

Mhariri anaogopa nini? Anaogopa msomaji. Hakuna mwekezaji anayefikiri kwa vipimo vya elfu kumi, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Ripoti nyingi za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kiingereza huweka kichwa cha `RMB'0,000`, na msomaji aliyezoea `RMB'000`, yaani maelfu ya yuani, haoni sifuri ya nne. Anaondoka na namba iliyo pungufu mara kumi, na anaipeleka hivyo kwenye mkutano. Hoja hii ni nzito na siibezi, maana kosa lenyewe nimelifanya. Kwenye hati za zabuni nilikuta mtaji uliosajiliwa wa 5,000万元. Akili ilishika 5,000, ikaona wan, ikaichukulia kama elfu, nikaandika milioni 5. Ilikuwa milioni 50, na masharti ya zabuni yalitaka mtaji usiopungua milioni 10. Kampuni ilikaribia kuondolewa kwa sababu ya kalamu yangu. Kilichoiokoa ni leseni ya biashara iliyoambatanishwa, ambako mtaji uleule uliandikwa kwa herufi rasmi za fedha, 伍仟万元整, ambazo haziwezi kusomwa vinginevyo. Tangu hapo, popote kiasi kilipoandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa herufi rasmi, naanza na herufi.

Sasa upande wa mteja. Anaogopa kwamba ukigusa tarakimu, hesabu haitafunga. Chukua jedwali dogo la mapato ya matawi matatu, kwa 万元: 1,234.56, kisha 2,344.56, kisha 804.56, jumla 4,383.68. Badilisha kuwa milioni na ubakize desimali moja, kama wahariri wengi wanavyopenda. Unapata 12.3, 23.4 na 8.0, na jumla iliyobadilishwa yenyewe ni 43.8. Lakini zijumlishe zile tatu: 43.7. Laki moja ya yuani imepotea katikati ya jedwali, na mkaguzi wa hesabu atakupigia simu wewe kabla hajampigia mhasibu. Dawa ni kubakiza desimali zote. Wan yenye desimali mbili inahitaji desimali nne ikiwa milioni: 12.3456, 23.4456, 8.0456, jumla 43.8368. Hapo inafunga. Ila sasa una jedwali la milioni lenye desimali nne, ambalo nalo halisomeki vizuri, na ile faida aliyoitafuta mhariri imeyeyuka.

Kuna jambo jingine ambalo wahariri wasiotafsiri wenyewe hawalioni. Programu tunazotumia kutafsiri hulinganisha tarakimu za pande mbili na kuwasha onyo zinapotofautiana. Ukiacha 1,234.56 ibaki 1,234.56, onyo likiwaka ujue kweli umekosea. Ukibadilisha kila namba, onyo linawaka kila mstari, mamia kwa mamia, na baada ya nusu saa unalizima bila kulisoma. Kosa halisi linapita katikati ya maonyo ya uongo. Hili ndilo lililonisogeza upande wa mteja kwa jedwali.

Kwa hiyo kwenye jedwali acha tarakimu, lakini usiache kichwa kikiwa kidogo na cha kubahatisha. Andika "Kipimo: yuani elfu kumi", kwa maneno, si kwa sifuri zilizopangwa ndani ya alama, na ukirudie kila jedwali linapovuka ukurasa. Chini ya jedwali la kwanza weka mfano mmoja kutoka ndani yake: "1,234.56 ni yuani 12,345,600." Mstari huo mmoja unajibu hofu ya mhariri kuliko kubadilisha kurasa arobaini.

Iwapo mteja mwenyewe anataka vipimo vipya, kwa mfano jedwali linakwenda gazetini, libadilishe lote kwa lahajedwali na usiguse hata namba moja kwa mkono:

```
=B5*10000   (万元 kuwa yuani kamili)
=B5/100     (万元 kuwa milioni)
=B5/10      (亿元 kuwa bilioni)
```

Kabla ya kuburuta fomula, angalia safu zisizo za fedha. Asilimia hazibadiliki. Faida kwa kila hisa huwa kwa yuani moja moja hata pale kichwa cha jedwali kinaposema 万元, na idadi ya hisa inaweza kuwa kwa 万股, yaani hisa elfu kumi kumi. Nimeona faida ya yuani 0.35 kwa hisa ikizidishwa kwa elfu kumi pamoja na safu nyingine, na aliyezidisha hakushtuka.

Kwenye maelezo ya maneno hali ni tofauti kabisa, na huko sioni utetezi wa kuacha "yuani yi 12.35". Hakuna jumla ya kufunga, na msomaji anasoma kwa kasi. Badilisha. Wan igawe kwa mia upate milioni, yi igawe kwa kumi upate bilioni, 万亿 iache ilivyo uiite trilioni. Hatari kubwa hapa ni yi, kwa kuwa inakaa karibu sana na bilioni akilini. Nyaraka za Kichina kuhusu reli ya TAZARA hutaja mkopo usio na riba wa 9.88亿元. Anayesoma yi kama bilioni ataandika bilioni 9.88, na msomaji hatashtuka, kwa kuwa reli ya kilomita 1,860 inaweza kudhaniwa kugharimu kiasi chochote. Sahihi ni yuani milioni 988. Kosa la mara kumi ni gumu kulinasa kuliko la mara elfu, kwa sababu namba isiyo sahihi bado inaingia akilini.

Njia ya kulinasa ni kutafuta kiasi kilekile mahali pengine ndani ya ripoti. Mara nyingi hotuba ya mwenyekiti hutaja mapato kwa 亿元, muhtasari kwa 万元, na taarifa za fedha zenyewe kwa 元 hadi senti. Ukiwa na 12.35亿元 kwenye hotuba, nenda kwenye taarifa ya mapato uhesabu tarakimu zilizo kabla ya nukta: 1,234,567,800.00 ina kumi, na tarakimu kumi ni bilioni. Kwa hiyo bilioni 1.235 inasimama. Kuhesabu tarakimu kwa kidole kunaonekana utoto, lakini ndiyo hatua ambayo siiruki.

Maelezo yana mitego mingine miwili. Wa kwanza ni neno 余, "na ushee", ambalo maana yake hutegemea limekaa wapi. 10亿余元 ni bilioni moja na kidogo juu yake. 10余亿元 ni yi kumi na kitu, yaani popote kati ya bilioni moja na bilioni mbili. Ukiandika "zaidi ya bilioni moja" kwa zote mbili, ya pili umeipunguza sana. Mimi ya pili naiandika "kati ya bilioni moja na mbili", hata kama mhariri analalamika kwamba sentensi imerefuka.

Wa pili hutokea kwenye kumbukumbu za mikutano na wawekezaji, ambako watu wanaongea. Mchina akisema 三亿二, "yi tatu mbili", anaacha neno la mwisho, na ile mbili ni ya ngazi inayofuata chini ya yi: milioni 320. Vivyo hivyo 两万五 ni 25,000. Angetaka 20,005 angetamka sifuri katikati, 两万零五. Mtafsiri anayekwenda herufi kwa herufi hupata milioni 302 tu, na kwenye maandishi inaonekana safi.

Kiswahili nacho kina mpasuko wake. Ninayoiita bilioni hapa, Kongo na Burundi wengi huiita miliari, kwa njia ya Kifaransa, na bilioni ya Kifaransa ni sawa na trilioni yetu. Novemba 2008 serikali ya China ilitangaza mpango wa 4万亿元 kuinua uchumi. Dar es Salaam ni trilioni 4, lakini mhasibu wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa angeweza kuiita bilioni 4, akiwa na kiasi kilekile kichwani. Ripoti inayokwenda pande zote mbili naiandikia sifuri zote mara ya kwanza kiasi kinapotajwa, yuani 4,000,000,000,000, kisha naendelea na trilioni 4.