Kodi ya Awamu kwa Mtu Asiye na Awamu

Sheria ya kodi ya awamu ilitungwa na watu waliokuwa wakipokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Sina ushahidi wa jambo hili, lakini sioni maelezo mengine. Ni nani mwingine angeamini kwamba mtu anayechora nembo na mabango kwa mkataba hupata robo ya riziki yake kila miezi mitatu, kisha akamtaka ailipie kodi kabla mwaka haujaisha? Wateja wangu hawajui robo. Wanajua kunyamaza miezi mitano, halafu wanataka kila kitu kufikia Ijumaa.

Anayeajiriwa hukatwa kodi kabla hajaiona fedha, hivyo huzuni yake ni ya mbali. Sisi tunaojiajiri tunatakiwa tukadirie faida ya mwaka mzima, yaani mapato ukiondoa gharama za kazi, tupige hesabu ya kodi yake, kisha tuilipe kwa mafungu. Hata hiyo robo yenyewe ina matatizo ya kimaumbile. Nchini Marekani, kwa mfano, malipo manne yanafuata vipindi vya miezi mitatu, miwili, mitatu na minne. Aliyeita hiyo robo angekata mkate mezani kwangu, nisingemruhusu kugawa.

Nitaeleza mwaka mmoja wangu bila kutaja sarafu, maana maumivu ni yale yale kwa sarafu zote. Tuseme kodi ni asilimia 20 ya faida, ingawa mahali pengi viwango hupanda ngazi, na fungu la mwisho la faida ndilo hupigwa kiwango cha juu zaidi. Robo ya kwanza nilipata faida ya 200,000. Kwa kasi hiyo mwaka ungeleta 800,000, kodi ikawa 160,000, na fungu la kwanza 40,000. Nililipa nikijiona raia wa kupigiwa mfano.

Robo ya pili ikaleta 50,000. Hapa ndipo wengi hulipa tena 40,000 kwa mazoea, huku wakikopa nauli. Hakuna haja. Makadirio huruhusiwa kurekebishwa, na namna ya kurekebisha ni kufanya hesabu ya jumla tangu mwanzo wa mwaka badala ya kuitazama robo moja peke yake. Nusu mwaka ilikuwa imeleta 250,000, kwa hiyo mwaka ungekuwa 500,000 na kodi yake 100,000. Kufikia awamu ya pili nilipaswa kuwa nimelipa nusu, yaani 50,000, na kwa kuwa 40,000 zilikwisha kulipwa, nilibakiwa na deni la 10,000. Robo ya tatu ikaleta 200,000, jumla 450,000 kwa miezi tisa. Hiyo ni kasi ya 600,000 kwa mwaka, kodi 120,000, na robo tatu yake ni 90,000. Nikaondoa 50,000 nilizolipa, nikatoa 40,000.

Ndipo robo ya nne mteja mmoja, ambaye mwaka mzima alikuwa akisema bajeti yake haijapitishwa, akapitishiwa bajeti. Faida ya robo hiyo peke yake ikawa 950,000, na mwaka ukafungwa kwa 1,400,000. Majirani walinipongeza. Mimi nilichukua kikokotoo.

Kodi ya mwaka ikawa 280,000. Mteja alikuwa amekwishakata kodi ya zuio ya 40,000 kwenye malipo yake, na hiyo ni kodi yangu iliyolipwa kwa mkono wa mwingine, mradi nimepata cheti chake. Bila cheti, fedha imetoka mfukoni mwangu na hesabuni haionekani, na mhasibu wa mteja huwa likizo hasa wiki hiyo. Zikabaki 240,000. Nikitoa 90,000 za awamu tatu za kwanza, awamu ya mwisho inakuwa 150,000. Huku ndiko kufidia katika robo ya mwisho: huongezi kidogo juu ya fungu la kawaida, bali unalipa kodi yote ya mwaka ukiondoa ulichokwisha kulipa na kilichozuiliwa.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulipeana mikono. Lakini pale ambapo sheria inagawa kodi halisi ya mwaka, ikishaondolewa iliyozuiliwa, kwa mafungu manne sawa, inarudi nyuma na kusema kila awamu ilipaswa kuwa 60,000. Kufikia awamu ya kwanza ninaonekana nilipungukiwa na 20,000, ya pili 70,000, ya tatu 90,000. Riba ikiwa asilimia 1 kwa mwezi, na kila pengo likidumu miezi mitatu, hiyo ni 600, kisha 2,100, kisha 2,700, jumla 5,400. Malipo ya mwisho yanaizuia riba isiendelee kukua, lakini hayaifuti iliyokwisha kuzaliwa. Ninatozwa kwa kutolipia mwezi wa tatu fedha ambayo mwezi wa tatu mwenye nayo mwenyewe hakujua kama atanipa.

Kwa haki, zipo sheria zilizowahi kumfikiria mtu wa aina yangu. Marekani inamruhusu mlipaji aonyeshe mapato yalivyoingia kipindi kwa kipindi, katika Form 2210, Schedule AI, ili kila awamu ipimwe kwa faida iliyokuwapo wakati huo. Ni fomu inayohitaji kahawa na ukimya, na anayetunza hesabu zake kwa mwaka tu, bila kuzigawa kwa vipindi, hawezi kuijaza. India inawaruhusu wanataaluma wengi wadogo, wanaokadiriwa faida kwa asilimia ya mapato, kulipa kodi yote ya awamu kwa mkupuo mmoja kufikia tarehe 15 Machi. Kenya inakubali pia kwamba awamu zifuate asilimia 110 ya kodi ya mwaka uliotangulia. Kwa njia ya namna hiyo bahati ya robo ya nne haikuletei adhabu ya awamu, kwani salio hulipwa baada ya mwaka kufungwa.

Njia hiyo ya mwaka uliopita ni tamu mapato yakipanda. Mwaka unaofuata ndipo inapogeuka, kwa sababu kipimo sasa ni ule mwaka wa bahati. Kodi ya 280,000 ikiongezwa asilimia 10 ni 308,000, yaani 77,000 kila awamu, na awamu ya kwanza inakuja wakati mteja wa bajeti amekwisha kurudi kwenye ukimya wake. Hapo inabidi niache kipimo hicho na kuwasilisha makadirio ya mwaka wenyewe, yaliyo madogo, nikijua kwamba akizinduka tena mwezi wa kumi na moja nitarudi kwenye hesabu za mapengo.

Naye amezinduka. Jana amenipigia simu akitaka nimpelekee ankara ya kazi ambayo sijaianza, nayo iwe na tarehe ya kabla ya mwaka kufungwa, kwa sababu bajeti yake isipotumika itarudishwa. Nilimuuliza kama atalipa pia kabla ya mwaka kufungwa, maana hesabu zangu zinafuata tarehe ya ankara na kodi haitasubiri hundi yake. Akacheka kwa ukarimu, akasema malipo huchukua siku tisini.