Akiba ikae benki, hela ya mdogo wangu ipite kwenye simu

Nauza vitambaa Soko la Kilombero hapa Arusha, na mdogo wangu yuko Nairobi, chuo mwaka wa pili. Kila mwezi anahitaji hela ya kula na nauli, na kila muhula kuna ada. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilifanya mambo kinyume: akiba ya ada niliiweka kwenye simu, na matumizi yake ya mwezi nikayapitisha benki. Nimegeuza, na nawashauri wenzangu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wageuze pia.

Wengi wanaokataa kuweka akiba kwenye simu huogopa kwamba kampuni ikianguka, hela zimekwenda nayo. Hofu hiyo si kubwa kama wanavyodhani. Salio lako la simu halikai kwenye hela za kampuni. Linatakiwa kuhifadhiwa kwenye akaunti ya dhamana benki, kando kabisa na mapato ya kampuni yenyewe. Tena benki nazo huanguka. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Meru Community Bank, ya huku kwetu. Bima ya amana wakati ule ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000 kwa mwenye akaunti. Mwenye laki nne alikuwa ndani ya bima, lakini aliyekuwa na milioni sita, zile zilizozidi ukomo alibaki kuzisubiri mpaka mali za benki ziuzwe.

Kwa hiyo kilichoniondoa kwenye simu si usalama. Ni ukaribu.

Mwaka jana nilianza Januari kuweka 50,000 kila Jumamosi jioni nikifunga duka. Baada ya wiki kumi na mbili nilitegemea kukuta 600,000. Nilikuta 214,000. Nilidhani nimeibiwa, nikakaa na daftari usiku nikapitia meseji moja moja. Hakuna mwizi. Kulikuwa na umeme wa Luku, vifurushi, mchango wa harusi, shangazi wa Babati mara mbili, na kila niliyemtumia nilimwekea na ya kutolea, kwa sababu kwetu kutuma bila ya kutolea ni kama kumpa mtu nazi bila mbuzi ya kuikunia. Hakuna muamala hata mmoja uliofika laki. Kila mmoja ulikuwa na sababu nzuri. Ndivyo akiba ya kwenye simu inavyokwisha: mfuko wa ada na mfuko wa nyanya ni mfuko mmoja, na namba ya siri ni moja.

Sasa ninayo akaunti ya malengo benki, isiyo na kadi. Siku ya Jumamosi simpelekei wakala wa simu kisha nikahamishia benki, maana kuhamisha kuna makato yake. Nampa fedha taslimu wakala wa benki aliye mlango wa tatu kutoka kwangu, na risiti naibandika kwenye daftari. Kutoa lazima niende tawini, nipange foleni, nijaze fomu. Foleni hiyo ndiyo inayolinda ada ya mdogo wangu. Mtu akinipigia kuomba elfu thelathini, namjibu kwa ukweli kwamba sina kwenye simu.

Lakini ulizeni makato ya mwezi kabla ya kufungua. Tuseme benki inakata 2,000 kila mwezi: hiyo ni 24,000 kwa mwaka. Ukiwa na 300,000 na riba ya asilimia 3, unapata 9,000. Umeweka akiba na umepungukiwa 15,000. Akaunti za malengo nyingi hazina makato hayo, ila usidhani, uliza, na uombe karatasi ya viwango. Kama benki iliyo karibu nawe inakata, kikundi cha vikoba kinachoaminika kitakufaa zaidi.

Tuje kwenye kutuma. Nilikuwa nikituma matumizi ya mwezi kwa benki kwa sababu niliona ndiyo njia ya watu makini. Hela ikienda kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa, hugeuzwa mara nyingi kuwa dola, ikapita benki ya kati, kisha ikageuzwa kuwa shilingi ya Kenya. Benki yangu ikakata, ya katikati ikakata, ya kule ikakata wakati wa kupokea. Makato hayo kwa sehemu kubwa hayajali ukubwa wa hela. Tuseme yote kwa pamoja ni 90,000: ukituma 300,000 umepoteza karibu theluthi, ukituma 3,000,000 umepoteza asilimia 3. Ndiyo maana ada ya muhula bado naipitisha benki, moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na kwenye fomu naandika OUR ili gharama zote zikatwe kwangu na chuo kipokee kiasi kamili. Nilipoacha sehemu hiyo wazi mara ya kwanza, ada ilifika pungufu na mdogo wangu akazuiwa kujisajili mpaka tulipoongezea. Ulizeni pia kama benki yenu inatumia EAPS, mfumo unaounganisha benki kuu za Afrika Mashariki, kwa sababu huko unaweza kulipa kwa shilingi bila kuzunguka kwenye dola.

Matumizi ya mwezi yanapita kwenye simu, kutoka laini yangu hadi laini yake ya Kenya. Hapa watu hudanganyika kwa kuangalia ada ya kutuma peke yake. Gharama kubwa imejificha kwenye kiwango cha kubadilisha. Tuseme siku hiyo shilingi moja ya Kenya ni 20 za kwetu. Laki tatu ingekuwa 15,000 za Kenya. Simu inakuonyesha, kabla hujaweka namba ya siri, kwamba atapokea 14,250. Gawa 300,000 kwa 14,250: umeuziwa kwa 21 na senti. Zile 750 zilizopungua ni 15,000 za kwetu, na hazikuandikwa popote kama makato. Kwa hiyo nalinganisha mitandao kwa swali moja: nikitoa laki tatu, atapokea ngapi? Hata hivyo simu inashinda kwa kiasi hicho, kwa sababu pale Nairobi hana haja ya kuzitoa. Analipa hosteli, dukani na mama wa chakula kwa simu ile ile.

Laini iwe yake, kwa jina lake, iliyosajiliwa kwa pasi yake. Mwezi wake wa kwanza alikuwa hajasajili, nikatuma kwa namba ya mwenzake wa chumbani. Yule binti alikuwa na deni la mkopo wa papo hapo kwenye laini, na hela ilipoingia tu mfumo ukalipa deni kwanza. Alilia, akarudisha kidogo kidogo kwa wiki sita. Sikumlaumu. Salio la simu hudaiwa kabla hujaligusa, hapa na kule, na hilo nalo limenitosha kutokuweka akiba humo.

Hela inatoka tarehe 25, jioni, tukiwa kwenye simu wote wawili. Nikimwambia nimetuma, ananisomea jina na kiasi kilichoingia, nami nakiandika kwenye daftari na kugawa, nijue nimeuziwa kwa kiwango gani. Meseji yoyote inayosema "ile hela tuma kwenye namba hii", hata ikiwa na jina lake, siijibu mpaka nisikie sauti yake.